Ukiuza jibu lako, usiuze na jina lako

Mkulima wa chai anapopeleka majani yake kwenye kituo cha kununulia, huyatazama yakitundikwa kwenye mizani, husikia kilo zikitajwa, na hurudi nyumbani na karatasi yenye idadi ya kilo hizo. Mwisho wa mwezi hesabu isipolingana, anayo hoja na anao ushahidi. Lakini kuna bidhaa nyingine inayonunuliwa siku hizi katika kaunti za Kericho na Bomet ambayo haipimwi kwa mizani wala haina karatasi. Bidhaa hiyo ni maoni yetu. Kampuni za utafiti wa soko hutaka kujua tunapika kwa mafuta gani, tunanunua maziwa ya pakiti au ya jirani, tunasikiliza idhaa gani asubuhi, na ni mbolea ipi tuliyoikataa dukani. Kwa majibu hayo wao hulipwa na wateja wao, na mara nyingine nao hutulipa sisi.

Miongoni mwa walimu na wanafunzi wa vyuo, malalamiko kuhusu biashara hii ni ya aina tatu. Wa kwanza hulalamika kwamba alihojiwa kwa dakika mbili kisha akaambiwa hastahili kuendelea. Wa pili alijibu yote lakini hakuona malipo. Wa tatu, naye ndiye aliyeumia zaidi, alilipwa kidogo, kisha baada ya juma moja akaanza kupigiwa simu na watu asiowajua waliojua jina lake kamili, nambari ya kitambulisho chake na shule anakofundisha.

Malalamiko haya matatu yana shina moja. Hatujui hasa ni kitu gani kinachonunuliwa. Mtafiti wa kweli hununua jibu la mtu wa namna fulani. Hanunui jina la mtu huyo. Anayelielewa jambo hili atajua kwa nini alikataliwa, atajua la kuficha na la kusema, na atajua pia pa kudai haki yake.

Tuanze na kukataliwa. Tuseme kampuni moja jijini Nairobi imeagizwa kuwahoji Wakenya 1,000 kwa simu. Haiwezi kuwahoji 1,000 wa kwanza watakaoinua simu, kwa kuwa hao wangekuwa vijana wa mjini karibu wote. Hivyo hugawa nafasi kulingana na idadi ya watu. Kwa sensa ya mwaka wa 2019, Kenya ilikuwa na watu 47,564,296. Kericho ilikuwa na 901,777, na Bomet 875,689. Gawanya, na utaona kwamba katika wahojiwa 1,000, Kericho itapata nafasi 19 na Bomet 18. Kaunti zote mbili kwa pamoja, nafasi 37.

Nafasi hizo 37 nazo hugawanywa nusu kwa nusu, wanawake na wanaume. Kisha hugawanywa kwa umri. Tukichukulia, kwa mfano tu, kwamba vijana wa miaka 18 hadi 24 wamepewa robo, basi wavulana wa umri huo katika kaunti zote mbili wamebakishiwa nafasi nne au tano. Sasa fikiria wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga, wa chuo kikuu kishiriki cha Bomet na wa vyuo vya ualimu, wote wakiwa na simu mkononi, wote wakisubiri ujumbe uleule. Nafasi hizo hujaa kabla ya chai ya saa nne. Anayejibu jioni huulizwa umri wake, kaunti yake na jinsia yake, kisha huambiwa asante na kwaheri. Hakukosea lolote. Fungu lake limejaa.

Ndiyo maana mama wa miaka 55 huko Konoin, asiyejali simu yake mpaka jioni, hutafutwa mara tatu na mhoji mmoja, ilhali mwanafunzi anayeishika simu mchana kutwa hatafutwi. Mama yule ni adimu katika orodha, mwanafunzi si adimu.

Utafiti wa nyumba kwa nyumba nao una bahati nasibu yake, na huleta ugomvi usio wa lazima. Mhoji hupewa mahali pa kuanzia, labda soko au shule, na huhesabu nyumba kwa utaratibu aliopewa. Akifika nyumbani kwako, huorodhesha watu wazima wote wanaoishi hapo, na jedwali alilo nalo ndilo humwambia ni nani wa kuhojiwa. Iwapo kura imemwangukia bibi aliyeko shambani akichuma chai, mhoji hana ruhusa ya kukuhoji wewe badala yake eti kwa kuwa umesoma na uko tayari. Atarudi jioni kumtafuta bibi. Mhoji anayekwambia, "Mwalimu, wewe jibu tu kwa niaba yao wote," ameanza kuiharibu kazi ya mwajiri wake, na usishangae baadaye malipo yakipotea.

Baada ya umri na mahali huja maswali ya mchujo. Aghalabu swali la kwanza ni kama wewe, au mtu wa nyumbani kwako, anafanya kazi katika matangazo ya biashara, uandishi wa habari, utafiti, au kampuni inayotengeneza bidhaa inayochunguzwa. Ukisema ndiyo, mahojiano huishia hapo. Kwa hiyo karani wa kiwanda cha chai hahojiwi kuhusu chai ya pakiti, ingawa anaweza kuhojiwa kuhusu sabuni. Swali la pili ni kama umeshiriki utafiti kama huo katika miezi michache iliyopita, mara nyingi mitatu au sita. Watafiti hawamtaki mhojiwa aliyefanya kuhojiwa kuwa kazi, kwa sababu mtu huyo hukisia linalotakiwa na kulisema.

Hapa ndipo kishawishi cha kusema uongo huingia, na mara nyingi hakitoki kwa mhojiwa. Hutoka kwa mtu anayetafuta wahojiwa mtaani, ambaye hulipwa kwa kila kichwa alicholeta. Huyo ndiye atakayekunong'oneza, "Mwalimu, ukiulizwa, sema wewe hununua maziwa ya pakiti kila siku, na hujawahi kuhojiwa." Usikubali. Kwanza, ni kumdanganya anayekulipa. Pili, hojaji zimetegwa. Katika orodha ya majina ya bidhaa hutiwa jina la bidhaa isiyokuwapo duniani; anayesema huitumia kila juma amejifichua. Katikati ya maswali marefu huwekwa agizo la kuchagua namba tatu. Anayejibu bila kusoma huonekana. Umri ulioutaja mwanzoni hulinganishwa na mwaka wa kuzaliwa utakaoulizwa mwishoni. Majibu yote yakiwa "nakubali" kuanzia la kwanza hadi la ishirini, au hojaji ya dakika kumi ikimalizwa kwa dakika mbili, jina huondolewa na malipo hayatoki. Mhojiwa huyo baadaye husema amedhulumiwa, kumbe majibu yake yalitupwa.

Kuna pia ukaguzi wa baadaye. Siku moja au mbili baada ya mahojiano, msimamizi huwapigia simu baadhi ya wahojiwa kuthibitisha kwamba mhoji alifika kweli. Atauliza ilikuwa siku gani, mazungumzo yalichukua muda gani, yalihusu nini, na kama ulipewa kile ulichoahidiwa. Simu hii ni ya kawaida, na ndiyo nafasi yako nzuri ya kusema kwamba hukupewa. Lakini mkaguzi wa kweli hatakuomba nambari ya siri ya M-Pesa, wala hatakuomba umsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako. Atakayefanya hivyo ni mwizi aliyesikia kwamba ulihojiwa.

Tumefika kwenye jambo la pili, nalo ni faragha. Ni vyema tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna jibu, na kuna utambulisho. Jibu ni kama kusema wewe ni mwanamke wa miaka 34, unaishi Bomet, una watoto watatu, unatumia kuni na gesi. Utambulisho ni jina lako, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho, nambari yako ya TSC, nambari yako ya mkulima kiwandani, akaunti yako ya benki. Mtafiti hujenga takwimu zake kwa jibu. Utambulisho anauhitaji kwa mambo mawili tu, yaani kukupata na kukulipa. Kwa hayo mawili, jina na nambari ya simu hutosha.

Kwa hivyo kila unapoulizwa jambo, jiulize kama linaingia kwenye jibu au kwenye utambulisho. Mtafiti wa mbolea ana haki ya kutaka kujua una miche mingapi ya chai na unavuna kilo ngapi kwa mwezi. Hana haja ya nambari ya mkulima, ile ambayo kwayo kilo zako huandikwa na bonasi yako hulipwa. Mtafiti wa mikopo aweza kuuliza kama mshahara wako uko kati ya kiasi hiki na kile. Hana haja ya nambari ya TSC wala nakala ya hati ya mshahara, kwa maana vitu hivyo viwili ndivyo wakopeshaji huvitumia kumkopesha mwalimu, na mkono mwovu ukivipata unaweza kujaribu kukopa kwa jina lake. Picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, haina kazi yoyote katika hojaji ya sabuni. Angalia sana maswali ya namna hii yanapozidi karibu na Oktoba, wakati bonasi ya chai inapolipwa.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inampa kila mtu haki ya kuambiwa data zake zitatumiwa kwa kazi gani, haki ya kuziona, haki ya kupinga zisitumiwe, na haki ya kutaka zisahihishwe au zifutwe. Ridhaa aliyoitoa anaweza kuiondoa. Asiyetendewa haki anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa katika siku tisini. Kwa hiyo si utovu wa adabu kumwuliza mhoji maswali matatu kabla hajaanza. Mwulize anafanyia kampuni gani. Mwulize nambari ya simu yako itakaa na majibu yako au itatengwa nayo. Mwulize itafutwa lini. Mhoji aliyefunzwa anayo majibu, kwa sababu aliyasoma katika ukurasa wa kwanza wa hojaji. Akigeuka mkali, mwage kwa upole.

Hata hivyo, kulificha jina hakutoshi katika nchi ndogo kama hii yetu, na jambo hili watafiti wa mjini hulisahau. Tuchukue hojaji isiyo na jina kuhusu hali ya kazi katika mashamba makubwa ya chai. Mhojiwa ni mwanamke, ana miaka 47, ni msimamizi wa wachumaji, na anaishi katika kambi fulani ya shamba fulani. Hakuna jina hapo, lakini wanawake wasimamizi wa umri huo katika kambi ile huenda ni mmoja tu. Meneja akiisoma ripoti atamjua kabla hajamaliza sentensi. Vivyo hivyo kwa mwalimu mkuu wa kike katika kata yenye shule nne. Dawa yake ni kumwomba mhoji aandike kaunti badala ya kambi, na umri wa "40 hadi 49" badala ya 47. Akikataa kabisa, yale maswali yanayomgusa mwajiri wako unaweza kuyaruka. Mhojiwa ana haki ya kutojibu swali lolote, na malipo yake hayapaswi kukatwa kwa sababu hiyo, ila ni busara kuuliza hilo mapema.

Walimu wana mzigo mwingine juu ya huu. Mara kwa mara hufika mgeni shuleni na sanduku la kalamu au vitabu, akiomba "dakika kumi tu" na wanafunzi. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 ni mtoto mbele ya sheria ile ya 2019, na data zake hazikusanywi bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Ruhusa ya mwalimu mkuu si ridhaa ya mzazi. Mnamo 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja jijini Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Haukuwa utafiti wa soko, lakini kanuni ni ileile. Mgeni akisema utafiti wake ni wa kitaaluma, mwombe leseni ya NACOSTI, tume ambayo watafiti hupata kibali kwayo chini ya sheria ya mwaka wa 2013. Leseni hiyo hutaja jina la mtafiti, kichwa cha utafiti, kaunti aliyoruhusiwa na tarehe ya mwisho. Yasome yote manne.

Kwa upande wa malipo makubwa yasiyoulizwa maswali, Kenya imekwisha kupata funzo lake, na funzo hilo lilitoka Nairobi. Mnamo Julai 2023 watu walipanga foleni ndefu katika jumba la KICC ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, kwa malipo ya sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban Sh7,000. Tarehe 2 Agosti mwaka huo serikali iliusimamisha mradi huo, na mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe. Linganisha na utafiti wa soko. Waliopanga foleni pale hawakuulizwa maoni yoyote. Kilichonunuliwa kilikuwa utambulisho mtupu, tena ule ambao mtu hawezi kuubadilisha. Nambari ya simu ikivuja, utanunua kadi nyingine ya simu. Jicho halina duka. Malipo yanapokuwa makubwa kuliko kazi, mara nyingi kinachonunuliwa si kile kinachotajwa.

Sasa tuje kwenye pesa zenyewe, na hapa ni heri tufuate safari moja kuanzia mwaliko hadi malipo. Hebu tumwazie mwalimu mmoja wa shule ya msingi karibu na Kapkatet. Anapigiwa simu Jumanne na mwanamke anayejitambulisha kwa jina na kwa kampuni, akimwalika kwenye kikao cha majadiliano kuhusu maziwa, Jumamosi saa nne, katika hoteli moja mjini Kericho. Vikao vya namna hii huwa na watu sita hadi kumi, huongozwa na mtu mmoja, hurekodiwa, na huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Anaahidiwa Sh1,500.

Mwalimu wetu hakubali papo hapo. Anauliza mambo manne, na anayaandika. Je, Sh1,500 hizo ni pamoja na nauli au nauli ni mbali? Zitalipwa kwa taslimu au kwa M-Pesa, na lini? Nikifika kwa wakati na nikaambiwa watu wametosha, nitalipwa? Je, kikao kitarekodiwa, na nani atakitazama? Swali la tatu ndilo watu husahau, nalo ndilo huwaumiza walio mbali. Kampuni hualika watu wachache zaidi ya inaowahitaji, kwa kuwa daima kuna wasiofika. Wote wakifika, wawili au watatu hurudishwa. Kampuni nzuri huwalipa hao ama kiasi chote ama nauli, lakini hulipa kwa hakika zaidi pale ambapo jambo hilo lilisemwa mapema. Mwalimu anaomba majibu hayo yatumwe kwa arafa. Sasa anacho kile ambacho mkulima hupewa kituoni, yaani karatasi yake.

Kisha anathibitisha. Hapigi tena nambari iliyompigia; anaitafuta nambari ya ofisi ya kampuni kwa njia yake mwenyewe na kuuliza kama wana kikao Kericho Jumamosi hiyo. Hatua hii ina maana kwa sababu matapeli hupenda kuvaa majina yanayofahamika. Walimu wa zamani watakumbuka jina la Steadman. Kampuni hiyo ilichukuliwa na Synovate mwaka wa 2008, nayo Synovate ikachukuliwa na Ipsos mwaka wa 2011. Anayejitambulisha leo kwa jina lililokwisha kubadilika anastahili kuulizwa zaidi. Nchini kuna pia chama cha watafiti wa soko na jamii, MSRA, ambacho wanachama wake hufungwa na kanuni za maadili. Si kosa kumwuliza mwenyeji wako kama kampuni yake ni mwanachama.

Jumamosi anafika saa nne kasorobo, kwa kuwa anayechelewa ndiye hurudishwa kwanza bila kitu. Anajaza tena maswali ya mchujo, na majibu yanalingana na aliyoyatoa Jumanne. Wanazungumza. Mwishoni karatasi ya malipo inapitishwa ili kila mtu atie sahihi. Hapa pana ujanja wa kale. Katika karatasi ile pameandikwa Sh1,500, lakini bahasha aliyokabidhiwa na yule mtafutaji wa wahojiwa ina Sh1,000. Tofauti imebaki mfukoni mwa mtu, na makao makuu yataona sahihi yako na kuamini umelipwa yote. Kwa hiyo hesabu kwanza, kisha utie sahihi. Usitie sahihi mahali ambapo kiasi hakijaandikwa, wala usimtilie rafiki. Pesa zikiwa pungufu, andika kiasi ulichopokea hasa mbele ya sahihi yako na umwite msimamizi wa kikao, kwani aghalabu hajui yaliyotendeka mlangoni.

Hebu tufanye hesabu yake. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni Sh400. Kwa Sh1,500 zinazojumuisha nauli, amebaki na Sh1,100 kwa nusu siku. Si haba, lakini mialiko ya namna hii haiji kila mwezi, na kanuni ya miezi sita inamzuia kurudi upesi. Hakuna mtu anayeweza kulipia karo kwa njia hii, na anayemwambia mwanafunzi kwamba anaweza ana kitu cha kumwuzia.

Mahojiano ya simu hulipa kidogo zaidi. GeoPoll, kwa mfano, ambayo huwahoji watu kwa arafa na kwa simu, huwatunuku wanaokamilisha kwa muda wa maongezi. Kabla ya kuanza, tazama salio lako. Baada ya kumaliza, ngoja, kisha litazame tena. Malipo hutolewa kwa waliofika swali la mwisho tu, na si kwa walioachwa njiani na mchujo. Kama hayajaingia, andika tarehe, saa na nambari iliyokutumia maswali, kisha ulalamike kwa kampuni ukiwa na hayo matatu. Usisahau kwamba salio huingia kwenye nambari iliyojibu. Mwanafunzi anayejibu kwa kadi ya simu ya dada yake amemlipa dada.

Mahojiano mengine hayalipwi kabisa, na hiyo si dhuluma. Sensa hailipi. Kura nyingi za maoni za kisiasa hazilipi, kwa hofu kwamba mlipwaji atamsifu anayedhani ndiye mlipaji. Utafiti wa nyumbani mara nyingi hutoa zawadi ndogo badala ya pesa. Jambo la muhimu ni kujua mapema, na kuchagua.

Iliyobaki ni mitandao, na hapa vijana wetu wa vyuo ndio wahanga wakubwa. Kuna mifumo ya kimataifa inayolipa kwa pointi, na pointi hazigeuki pesa mpaka zifike kiwango fulani. Kabla ya kujibu swali la kwanza, soma mambo mawili katika masharti. Angalia kama Kenya imo katika nchi zinazokubaliwa, na kiwango cha kutoa pesa ni kipi na kwa njia ipi. Mifumo mingi haiikubali Kenya. Wapo wanaouza akaunti za ughaibuni na mbinu za kuificha nchi uliko. Mwanafunzi hujibu miezi miwili, na siku ya kutoa pesa huombwa athibitishe makao yake. Hawezi. Akaunti hufungwa, jasho lake huishia hapo, na hana pa kushtaki kwa kuwa ni yeye aliyevunja masharti.

Mbaya zaidi ni ile mifumo isiyo ya utafiti kabisa. Dalili yake haijawahi kubadilika, nayo ni kwamba pesa hutoka kwako kwanza. Huitwa ada ya kujiunga, ya mafunzo, au ya "kufungua" malipo yako. Wajanja zaidi hukulipa Sh200 siku ya kwanza na Sh300 siku ya pili ili uamini, kisha siku ya tatu wanakutaka uweke Sh5,000 upate kazi zenye malipo makubwa. Katika utafiti wa kweli pesa hutembea njia moja tu, kutoka kwa anayeuliza kwenda kwa anayejibu. Ukiona zinageuka, toka. Na ujumbe wa kukuambia kwamba umelipwa kimakosa na urudishe, usiuamini mpaka uwe umeangalia salio la M-Pesa kwa mkono wako mwenyewe. Kwa walio na laini za Safaricom, ujumbe wa utapeli hupelekwa kwenye nambari 333 bila malipo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Maoni yetu ni mali, na wanaoyanunua wanalo daftari lao. Nasi tuwe na letu: tarehe, jina la kampuni, kiasi kilichoahidiwa, kiasi kilichofika, na orodha fupi ya yale tuliyokataa kuyasema.